Binti yangu anaona hadi miguu ya sisimizi. Nimnunulie kamera gani?

*Shikamoo Babu,*

*Nina binti, Nuru, ametimiza miaka 12 mwezi uliopita, yuko darasa la sita. Ni mtoto anayeona vitu ambavyo sisi wengine tunavipita. Nilinunua doti ya kanga nikaivaa wiki nzima, yeye ndiye aliyenionyesha kwamba kwenye pindo kuna korosho moja imechapwa kichwa chini. Akitumwa dukani anachelewa, ukimfuata unamkuta kasimama ukutani anaangalia sisimizi.*

*Anapiga picha kwa simu yangu lakini zinatoka ukungu mtupu, anaishia kununa. Mjomba wake wa Dar amepata kamera kubwa iliyotumika, ya kubadilisha lenzi, inakuja na lenzi ya 18-55. Inauzwa laki sita, anataka tuchangie nusu kwa nusu. Mimi nina laki mbili na nusu za kudunduliza. Baba yake anasema mtoto ataichoka baada ya wiki mbili. Na kuna hili: juzi alimpiga picha bibi jirani visigino vilivyopasuka, akamwonyesha kwa furaha kabisa. Bibi hadi leo hakanyagi kwetu.*

*Ninunue nini, na apige nini?*

*Mama Nuru, Tanga*

Marahaba, Mama Nuru. Mwambie mjomba ahsante, ila hiyo kamera ya laki sita amwachie mwenyewe.

Kamera haina kosa. Kosa liko kwenye lenzi inayokuja nayo. Lenzi ya 18-55 imetengenezwa kwa ajili ya watu, harusi, nyumba na mandhari. Nyingi ukizikagua ubavuni utakuta pameandikwa 0.25m, maana yake ukikisogelea kitu chini ya sentimita 25, ukipima kutoka mgongoni mwa kamera, haishiki fokasi tena. Na hapo inapoishia, picha nzima inabeba eneo la kama sentimita sita na nusu kwa upana. Bana vidole vyako vinne pamoja uone, ni kama hapo. Sasa muweke sisimizi wa milimita tatu juu ya vidole vinne. Nuru atapata picha nzuri sana ya ukuta, yenye kidoa cheusi katikati. Lenzi za kupigia vitu vidogo kwa kamera hizo zipo, lakini moja tu mara nyingi huzidi bei ya kamera yenyewe.

Ninachotaka umtafutie ni kamera ndogo ya mfukoni, zile ambazo watu walizitupia droo simu zilipoingia. Kwa kuwa unaishi na bajeti, nitakutajia jina kabisa: Canon PowerShot SX130 IS, SX150 IS au SX160 IS. Zilitoka mwaka 2010, 2011 na 2012, moja baada ya nyingine, na kwa kazi hii ni ndugu wa tumbo moja. Zote zinatumia betri mbili za AA ambazo kila duka la mtaani linazo, na zote zikiwekwa kwenye alama ya ua zinakaribia kitu hadi sentimita moja kutoka kwenye kioo cha lenzi. Sentimita moja, Mama Nuru. Ni unene wa kidole.

Siri iko kwenye udogo wake. Kile kidude cha ndani kinachopokea mwanga, kilichochukua nafasi ya filamu ya zamani, kwenye kamera hizi kina upana wa milimita sita tu, na lenzi inayokilisha ni fupi vilevile. Lenzi fupi ndiyo inayoweza kubusu kitu na bado ikakiona. Kuna faida ya pili ambayo wauzaji hawaisemi. Ukimkaribia mdudu hivyo, sehemu inayotoka vizuri huwa nyembamba mno. Kwa picha ya ukubwa uleule, kamera kubwa ikifunguliwa lenzi yote itakupa jicho la mdudu na mwili mzima ukungu. Hii ndogo itakupa kichwa, kifua na miguu ya mbele. Mtu mzoefu anajua namna ya kuibana ile kubwa ifanye vizuri zaidi, ila anahitaji mwanga mwingi na lenzi ambayo hatuna hela nayo.

Megapikseli usizijali. Kamera hizi zina 12 hadi 16, zinatosha kuchapa picha ya ukubwa wa karatasi ya A4 na chenji ikabaki. Simu inayojigamba kwa 50 mara nyingi haimkaribii sisimizi.

Usipozipata hizo tatu usikate tamaa, kuna nyingine nyingi za aina hiyo, ila usinunue kwa kusikiliza maneno ya muuzaji. Nenda na rula ya Nuru ya shuleni. Washa kamera, usivute zumu hata kidogo, bonyeza kitufe chenye alama ya ua, kisha piga picha ya rula kwa kuikaribia kadiri kamera itakavyokubali. Ikuze kwenye kioo na uhesabu milimita kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Yangu hupata kama 30. Sisimizi wetu wa milimita tatu hapo anachukua sehemu moja ya kumi ya picha, na ukikata pembeni baadaye unamwona hadi vipapasio. Ikitoka 40 bado ni nzuri. Ikizidi 60, mrudishie mwenyewe, hiyo ni sawasawa na ya mjomba.

Ukiwa palepale dukani, fungua kifuniko cha betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vyuma, betri ziliwahi kuvujia humo; wakati mwingine hupanguswa ikawaka, lakini usitoe bei nzima. Iwashe na kuizima mara tano huku unasikiliza. Lenzi inatakiwa itoke na kurudi kwa mlio mmoja laini. Ikikwaruza, ikisita, au kioo kikaandika `Lens error, restart camera`, ondoka, maana ufundi wake utazidi bei uliyonunulia.

Halafu kagua ukungu, na hapa namaanisha ukungu wenyewe wa kuota, kama ule wa mkate. Kwa sisi watu wa pwani, huo ndio adui yetu. Mwanga wa tochi uelekeze kwa pembeni kwenye kioo cha lenzi, utazame kwa ndani. Vumbi ni nukta nukta, halina neno. Ukungu ni nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, na huo unakula kioo. Mimi niliwahi kununua kamera kwa haraka, mfuko wake wa ngozi ukanipendeza kuliko kamera yenyewe, nikaiweka kabatini masika yote. Nilipoitoa, kila picha ilikuwa kama imepigwa nyuma ya chandarua. Baadaye nikajua ngozi hunyonya unyevu na kuutunza. Kwa hiyo ya Nuru itakaa kwenye kopo la plastiki la kufunga kisawasawa, lile la kuhifadhia vyakula, pamoja na vile vipakiti vinavyokuja kwenye boksi za viatu vimeandikwa `SILICA GEL`. Mchele usimwekee, unga wake utaingia kwenye lenzi.

Laki mbili na nusu yako igawe hivi. Kamera isizidi laki na sitini, na ukiweza kubisha hadi chini ya hapo bisha. Kadi ya kumbukumbu ya 16 GB inamtosha. Kinachobaki ni betri, na hapo usibane. Zile za bei rahisi za redio na tochi hazina nguvu ya kuisukuma lenzi. Kamera itawaka, itatoa lenzi, itazimika, nawe utadhani umeuziwa mbovu. Nunua betri nne za kuchaji, zilizoandikwa `NiMH`, na chaja yake. Mbili zikiwa ndani, mbili ziko kwenye chaja. Wengi wananiandikia kamera imekufa, nikiwauliza betri wanazotumia, tunamalizia hapo.

Wakati unatafuta, mwache aendelee na simu yako, lakini mwambie kwa nini picha zake zinatoka hivyo. Kamera kuu ya simu nyingi haishiki kitu kilicho karibu zaidi ya kama upana wa kiganja. Yeye anaisogeza hadi inakaribia kugusa, basi inashindwa. Nenda kwa fundi saa yeyote, muulize kile kioo anachobana jichoni, uone kama ana cha ziada cha kukuuzia. Kikishikwa mbele ya lenzi ya simu, kikibanwa kwa utepe, simu ileile inaanza kuona nywele za mkono. Pembeni patakuwa pamepindapinda, katikati pazuri. Kwa mwezi mmoja wa kusubiri panatosha.

Sasa mazoezi. Asianze na wadudu. Mdudu anatembea, jani linatikiswa, mwanga unahama, na mtoto hajui lipi kati ya hayo limemharibia. Aanze na kitu kisichokwenda popote. Tanga hamkosi chumvi.

Chukua nusu glasi ya maji ya moto, utie chumvi kijiko kimoja kimoja huku ukikoroga, hadi ufike pale inapogoma kuyeyuka na kubaki chini. Chuja kwa kitambaa. Yale maji yamimine kwenye kifuniko cheusi cha plastiki, yasimame kina cha milimita mbili tatu tu, ukakiweke kivulini mahali pasipotikiswa. Juani yatakauka upesi na kuacha unga. Kivulini chembe zinapata muda wa kujijenga. Siku za kaskazi ni siku moja au mbili, masika huenda ukasubiri zaidi. Kwanza utaona vijikasha vidogo vinaelea juu, vingine vimebonyea katikati kama piramidi iliyopinduliwa yenye ngazi ngazi. Vikizama vinaendelea kukua chini, vya pembe nne kamili, kana kwamba kuna mtu amevikata kwa rula. Namjua Nuru kwa maelezo yako tu, lakini nadhani hapo atakaa.

Mfundishe mambo matatu, na chumvi ndiyo itakayomsahihisha mwenyewe.

La kwanza ni kitufe. Watoto wa simu wanadhani kitufe kinabonyezwa mara moja. Cha kamera kina hatua mbili. Kikibonywa nusu kinatafuta fokasi, na kikipata kiboksi kwenye kioo kinakuwa kijani. Kikikosa kinakuwa njano, na hapo picha isipigwe, kamera irudishwe nyuma kidogo na ajaribu tena. Akishapata kijani asikiachie kitufe. Ashikilie nusu vilevile, kisha asogeze kamera mbele au nyuma kama unene wa shilingi, hadi upande anaoutaka wa chumvi uonekane wazi, ndipo amalizie kubonyeza. Karibu hivi mkono unatetemeka, hata wangu. Mshonee kifuko cha kitambaa utie nusu kilo ya kunde, kamera ilale juu yake. Na kwenye kamera kuna saa ya kuchelewesha ya sekunde mbili, aitumie, ili kidole kiwe kimeshatoka kabla picha haijapigwa.

Zumu asiiguse. Hili ndilo kosa nambari moja. Ile sentimita moja ipo tu lenzi ikiwa haijavutwa. Akivuta zumu kidogo ili "kukaribia zaidi", kamera inahitaji kurudishwa nyuma, kiboksi kinagoma kuwa kijani, naye hajui kwa nini. Kukaribia ni kwa mkono.

La pili ni mwanga unatoka wapi. Ukiwa sentimita moja kutoka kwa kitu, lenzi yenyewe inakitia kivuli, na flashi haisaidii, maana mdomo wa lenzi unaikinga; utaona duara jeusi limekula kona ya picha. Flashi izimwe. Arudi nyuma hadi sentimita tatu nne, halafu awashe tochi ya simu yako, ailaze chini kabisa mezani upande wa kushoto wa kifuniko. Chumvi ikipigwa mwanga kutoka juu ni kibonge cheupe. Ikipigwa kutoka ubavuni, kila ngazi inapata upande wa mwanga na upande wa giza. Kisha asimamishe karatasi nyeupe upande wa kulia, aone vile vivuli vinavyolainika. Apige picha ya kwanza bila karatasi na ya pili akiwa nayo. Hizo picha mbili zitamfundisha kuliko mimi.

La tatu ni weusi. Kamera haijui kwamba kifuniko ni cheusi, inadhani pana giza, kwa hiyo inaongeza mwanga, na chumvi inaungua ikawa nyeupe isiyo na mstari wowote. Akiona hivyo, aweke kamera kwenye `P`, atafute alama ya +/− na kuishusha hadi −1. Weusi utakuwa weusi kweli, na mistari ya chumvi itarudi. Siku atakayopiga kitu kidogo juu ya sahani nyeupe atafanya kinyume chake, +1. Mtoto wa miaka 12 akishaelewa hilo ameshawapita wapiga picha wengi wa harusi ninaowajua, na naomba wasinichukie.

Kabla sijaenda nje, kuna bibi jirani. Nuru hakufanya ubaya kwa nia. Kwake visigino vile ni kama ukuta wenye nyufa nzuri. Lakini mwili wa mtu ni wa mwenyewe, na miguu ya mtu mzima iliyochanika ina kazi zake zote ndani. Nenda naye, mpeleke wewe mwenyewe, msitume salamu. Aamkie, aombe radhi, aifute ile picha mbele ya bibi aone imefutika. Kisha kuanzia sasa apige mtu baada ya kuomba, amwonyeshe, na akiambiwa futa, afute palepale bila kubishana. Bibi akishapoa, aombe kumpiga mikono akisuka ukili. Nina hakika atakubali, na vidole vya msukaji vina mambo mengi kuliko visigino.

Haya. Baba yake anasema wiki mbili. Mimi nampa kazi ya wiki sita hadi nane, na haihitaji kutoka uani. Tafuta mndimu, mlimau au mchungwa wowote ulio karibu, hasa mchanga wenye majani mororo. Jirani zenu wa Muheza wanaolima machungwa wanamjua mdudu ninayemsema, na hawampendi, kwa sababu anakula miche. Ni kiwavi wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano, asiye na mkia, anayezungukazunguka kwenye michungwa.

Jike hutaga yai moja moja juu ya jani changa. Ni kiduara cha rangi ya njano iliyopauka, ukubwa wake kama kichwa cha pini. Wewe na mimi tungelipita. Nuru atalikuta, na akikuta moja aendelee hadi apate manne au matano kwenye matawi tofauti, kila tawi afunge uzi wa rangi yake. Sababu ya kutaka manne ni kwamba mengi hayafiki. Sisimizi watabeba moja, ndege atakula kiwavi, na mara nyingine kuna nyigu wadogo wanaotaga ndani ya kiwavi huyo, ukaja kuona kimekufa kina tundu. Mwandae mapema, asije akalia. Na hiyo nayo ni picha.

Kila siku apige asubuhi mapema kabla ya shule, au siku za wikiendi tu kama asubuhi ni mbio. Asubuhi upepo wa bahari haujaanza. Saa nne jani halitulii tena. Hata hiyo asubuhi tawi litacheza, kwa hiyo achomeke kijiti ardhini kando yake na alibane kwa kibanio cha nguo, pale penye kikonyo kigumu, asibane jani lenyewe. Kwenye picha moja ya kila siku aweke kipande chembamba cha karatasi ya daftari la hesabu kando ya kiwavi. Miraba ile apime kwanza kwa rula ni milimita ngapi, aandike nyuma. Bila hicho, kiwavi wa siku ya tatu na wa siku ya kumi kwenye picha wanakuwa na ukubwa mmoja, maana yeye atakuwa anamkaribia mdogo zaidi.

Atakachokiona ni hiki. Yai litageuka rangi na kukolea kabla ya kupasuka, kwa kawaida ndani ya wiki. Kiwavi kikitoka ni cha rangi ya kahawia na baka jeupe mgongoni, kinang'aa kidogo, na ukikitazama kwa mbali utaapa ni kinyesi cha ndege. Ndivyo kinavyotaka ndege nao waamini. Kitabadili ngozi mara nne. Kila kabla ya kubadili kinatulia, hakili, hakisogei, hivyo usimwache afikiri kimeumwa. Hiyo ndiyo nafasi yake ya kupiga taratibu kwa kifuko cha kunde. Baada ya kubadili mara ya mwisho atamkuta mwingine kabisa: wa kijani, mnene, urefu wa sentimita nne na zaidi. Kikiguswa taratibu kwa njiti kitatoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa, pamoja na harufu kali. Mara moja inatosha, picha hiyo asiirudierudie, kinachoka. Kina madoa mawili kama macho, ila macho yenyewe ni vinukta vidogo chini kabisa karibu na mdomo. Muulize Nuru ayatafute, usimwambie yako wapi.

Usiku, baada ya chakula, mkae wote wawili mfute. Kati ya picha kumi ibaki moja, naye aseme kwa nini ile. Kwenye daftari aandike tarehe, saa, uzi wa rangi gani, milimita ngapi. Ndani ya mwezi atakuwa na picha thelathini za kiumbe kimoja, na hapo ndipo baba yake aitwe aangalie, si kabla.

Kuna mipaka, aijue. Kipepeo mzima akitua kwenye ua hatamsubiri msichana aje na kamera hadi sentimita moja. Kereng'ende ndiyo kabisa. Kamera hii ni ya vitu vinavyokaa au vinavyokwenda taratibu. Akifika miaka 14 na bado analalamika kwamba wadudu wanamkimbia, hapo mpigie mjomba, mwambie ule mchango wake sasa una kazi.

Mwishoni kiwavi kitaacha kula, kitahangaika, kitatafuta kijiti, kitajifunga kwa uzi mmoja kiunoni, kisha kitakuwa bundo, lile ganda ambalo kipepeo hujijenga ndani yake. Rangi yake itafuata mahali kilipo, kijani au kahawia. Kwa wiki mbili au zaidi hakuna kinachotokea, apige kila siku ya tatu tu, na kwenye siku za katikati arudi kwenye chumvi. Akae macho na rangi. Siku bundo litakapoanza kuwa jeusi, na madoa ya njano ya mabawa yakaonekana kwa ndani kama kitu nyuma ya pazia, jua kesho yake mapema kinatoka. Usiku huo chaji betri zote nne, hakikisha kadi ina nafasi, kibanio na kifuko cha kunde viwe mlangoni. Mwamshe baada ya swala ya alfajiri. Kipepeo akishatoka atakuwa na mabawa yaliyokunjamana kama karatasi iliyolowa, atayaning'iniza yajae na kukauka, na kwa muda wote huo hawezi kuruka. Hapo ndipo Nuru atakapoweza kusogea hadi sentimita moja. Kama ni siku ya shule, mwandikie mwalimu kijibarua.